Unga wa uji wa mtoto wa miezi 8: paketi zote zimeandikwa "umerutubishwa", nitajuaje ulio wa kweli?

MamaHawi_Nyalenda
Hamjambo wenzangu. Binti yangu ana miezi minane, ananyonya vizuri, na uji anakula mara mbili kwa siku, asubuhi na saa kumi jioni. Juzi kliniki uzito ulikuwa sawa, lakini walipompima damu HB ilikuwa 10.8. Muuguzi akasema iko mpakani, niongeze vyakula vyenye madini ya chuma na nitafute unga wa uji uliorutubishwa, kisha nirudi baada ya mwezi.

Nimeenda supamaketi hapa Kisumu nikasimama mbele ya rafu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nimerudi na paketi mbili. Nawaandikia yaliyomo.

Paketi ya kwanza, kubwa mbele: "Nafaka 9, umerutubishwa kiasili, kwa familia yote." Viungo: mahindi, wimbi, mtama, ngano, mchele, soya, njugu karanga, omena, mbegu za maboga. Kwenye jedwali chuma ni miligramu 6 kwa gramu 100, na pembeni wameandika asilimia 43.

Paketi ya pili: "Kuanzia miezi 6." Viungo: mahindi yaliyopikwa awali, soya, sukari, maziwa ya unga, kisha mstari mrefu wa vitamini na madini, na humo ndani kuna kitu kinaitwa ferasi fumareti. Chuma miligramu 12 kwa gramu 100.

Ya pili ina bei karibu mara mbili ya ya kwanza na ni ndogo. Mama mkwe anasema ya kwanza ina vitu vingi, ndiyo bora. Nichukue ipi?

Kukhu_Bungoma
Mwanangu, mkwe wako amesema kweli. Wimbi ndiyo damu ya mtoto. Mimi nimelea watoto sita kwa uji wa wimbi tuliouchachusha kwenye mtungi, na hakuna aliyewahi kuongezewa damu. Hivi vyuma vya kiwandani sisi hatukuvijua. Nunua wimbi safi, osha, anika, saga, chachusha siku mbili, mpe.

BabaPacha_Lanet
Salamu kutoka Nakuru. Hapa mnazungumzia maziwa namba moja au namba mbili? Nina pacha wa miezi minne, mama yao amerudi kazini, na duka moja hapa Lanet waliniambia namba mbili ina chuma zaidi. Pia naweza kuanza kuwapa uji mwepesi usiku walale?

MamaHawi_Nyalenda
Baba Pacha, ni unga wa uji, si maziwa ya kopo. Lakini swali lako la miezi minne nadhani kuna atakayekujibu.

Lishe_Kakamega
Mimi ni afisa wa lishe, nimefanya kazi kwenye kliniki za watoto kaunti mbili za huku magharibi. Nianze na Mama Hawi.

Paketi ya kwanza haijarutubishwa. Imechanganywa tu. Kurutubisha maana yake kuna vitamini na madini yaliyoongezwa kwa kipimo, na yakiongezwa ni lazima yatajwe kwenye orodha ya viungo. Hiyo orodha uliyoandika inaishia kwenye mbegu za maboga. Hakuna chuma kilichoongezwa, hakuna zinki, hakuna vitamini. Miligramu 6 hizo ni za nafaka zenyewe na soya.

Jambo la pili ni mpangilio. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo. Mahindi ni ya kwanza, kwa hiyo huo ni unga wa mahindi uliotiwa vitu vingine. Omena ni ya nane. Kwenye mchanganyiko wa vitu tisa, cha nane huwa ni kiasi cha kufanya kitajwe. Picha ya samaki mbele ya paketi isikudanganye.

Sasa hiyo asilimia 43. Chukua 6 ugawanye kwa 14, utapata 43. Miligramu 14 ni kipimo cha kwenye lebo za vyakula vya watu wazima. Kwa hiyo wanakuambia kwamba mtu mzima akila gramu 100 za unga huu kavu, atapata asilimia 43 ya mahitaji yake ya siku. Hawi si mtu mzima na hali gramu 100.

Tuhesabu anachokula yeye. Mama Hawi, uji wake unatia unga kiasi gani? Pima kwa kijiko unachotumia, si kwa macho.

MamaHawi_Nyalenda
Nimeenda kwa mwenye duka jirani, ana mizani ya dijitali. Vijiko viwili vya kulia vilivyojaa vimetoa gramu 21. Hivyo ndivyo natia kwa nusu kikombe cha uji, na huwa anamaliza. Mara mbili kwa siku.

Lishe_Kakamega
Vizuri sana, tuseme gramu 20 kila mlo, 40 kwa siku. Paketi ya kwanza: miligramu 6 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 40 zinampa 2.4. Paketi ya pili: miligramu 12 kwa gramu 100, zinampa 4.8.

Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anapangiwa takriban miligramu 11 za chuma kwa siku. Ni nyingi kuliko za baba yake, na watu hushangaa, lakini akiba aliyozaliwa nayo huwa imekwisha karibu na miezi sita, anakua haraka, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Kwa hiyo hata paketi nzuri haifiki nusu. Hilo ni la kujua mapema, kwamba unga ni sehemu tu. Zilizobaki zitoke kwenye maini, mayai, omena, ndengu na maharagwe yaliyopondwa.

Na usiangalie hesabu peke yake. Ile 2.4 ya nafaka haiingii yote mwilini. Wimbi, mtama na maganda ya mahindi yana faiteti, dutu inayoshika chuma tumboni kikatoka nayo. Ferasi fumareti nayo inazuiwa kiasi, lakini ni aina inayofyonzwa vizuri na ndiyo inayotumika sana kwenye vyakula vya watoto. Ukiona ferasi salfeti, hiyo pia ni nzuri. Ukiona wameandika "chuma" tu au chuma cha elektroliti, jua kinafyonzwa kidogo hata kama namba kwenye jedwali ni kubwa.

Bibi wa Bungoma, shikamoo. Kuchachusha kwako kulikuwa kazi kubwa kuliko wimbi yenyewe. Uji ukichacha, faiteti hupungua na chuma huachiwa. Sifa kuu ya wimbi ni kalsiamu. Hapo hakuna nafaka ya kawaida inayoifikia. Kwa chuma, wimbi peke yake haimtoshi mtoto wa umri huu.

Kukhu_Bungoma
Marahaba mwanangu. Kuchachusha umekubali, hilo nimelipokea. Lakini watoto wangu walikula pia kunde, samaki wa mto, na kuku akichinjwa ini lilikuwa la mtoto, si la mgeni. Labda hapo ndipo damu ilipotoka. Wimbi siiachi.

Msagaji_Kibuye
Naomba na mimi niseme kwa sababu hii biashara ndiyo inanilisha. Nasaga na kuuza unga wa uji hapa Kibuye. Wangu una vitu kumi na viwili na wateja wanarudi. Kina mama wenyewe ndio wanaotaka vitu vingi. Ukiwauzia mahindi na soya peke yake wanaona umewapunja. Na omena natia ya kutosha, si ya picha.

Kwenye soya mimi ni makini. Naikaanga hadi ganda lichubuke na harufu igeuke kuwa kama ya njugu, ndipo nasaga. Kuna wanaosaga mbichi kuokoa kuni. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isagike tumboni, mtoto anajaa gesi na kuharisha. Ukitaka kujua, nusa unga mkavu. Ukinuka kunde mbichi, uache.

Lishe_Kakamega
Hapo kwa soya umesema kama mtaalamu, na mama yeyote anayenunua unga wa kusagwa sokoni aulize swali hilo kwanza.

Kwa vitu kumi na viwili sikubaliani nawe. Nafaka moja au mbili na jamii ya kunde moja zinatosha. Ukiongeza nafaka ya tano hujaongeza lishe, umeongeza nafaka. Tena mtoto akipata vipele au akiharisha, kati ya vitu kumi na viwili utatafuta mkosaji gani? Na kila kiungo kinachoingia ni mlango wa sumukuvu, hasa mahindi na njugu zisizokauka vizuri. Kuchemsha uji hakuondoi sumu hiyo.

Omena pia isisagwe pamoja na unga wa kukaa mwezi mzima. Ina mafuta, yanaharibika, unga unaanza kuwa na harufu ya ukali. Ichambue, toa mchanga, ioshe kwa maji moto, ikaushe vizuri, saga yake peke yake kidogo kidogo, uweke kwenye chupa. Unatia kijiko kimoja cha chai kwenye uji unaochemka. Hapo utajua mtoto amekula omena kiasi gani.

Otieno_Kondele
Kwani alama ya KEBS haitoshi? Paketi ikiwa nayo si basi imepimwa? Sisi nyumbani tunapikia mtoto uji na unga ule ule wa ugali wa paketi, una alama ya KEBS na alama ya kurutubishwa, na ni rahisi.

Lishe_Kakamega
Otieno, hizo ni alama mbili na kila moja ina kazi yake. Alama ya ubora ya KEBS inasema bidhaa inafuata kiwango chake. Nyingine inasema unga umerutubishwa. Paketi ya nafaka tisa inaweza kuwa na ya kwanza kihalali kabisa na isiwe imerutubishwa hata kidogo. Ukishuku kwamba alama ya ubora ni ya kubandika, tuma nambari ya kibali iliyo chini yake kwenda 20023, ukianza na SM# kisha nambari yenyewe. Utajibiwa jina la bidhaa na la kampuni. Linganisha na paketi uliyoshika.

Unga wa ugali wa viwandani ni lazima urutubishwe Kenya tangu 2012, na ni jambo jema. Lakini kipimo chake kimepigwa kwa mtu anayekula ugali wa sahani nzima. Mtoto wa gramu 40 kwa siku anapata chembe. Akifika mwaka na kuanza kula ugali wa familia, utamfaa pamoja na vingine. Kwa miezi minane hauchukui nafasi ya unga wa mtoto.

Baba Pacha, sijakusahau. Miezi minne bado, hata uji mwepesi wa usiku. Uji haumfanyi mtoto alale, na uji mwepesi unajaza tumbo kwa maji na kupunguza maziwa. Mama akamue kabla ya kwenda kazini, na kuhusu namba za maziwa uliza kliniki mnayokwenda, kwa sababu duka linauza.

BabaPacha_Lanet
Asante. Kukamua tumejaribu, yanatoka kidogo. Nitampeleka kliniki aonyeshwe jinsi ya kukamua kwa mkono.

MamaJabali_Siaya
Jamani mimi nina swali tofauti. Mwanangu ana mwaka na miezi mitatu, ana selimundu, na ameongezewa damu mara mbili. Jirani anasema watoto wa selimundu hawatakiwi chuma kabisa, kwa hiyo nisinunue unga wowote wenye ferasi. Mwingine anasema damu yake ni kidogo, ndiyo maana anahitaji chuma zaidi. Nimsikilize nani?

Otieno_Kondele
Dada, dada yangu ana mtoto wa selimundu na anampa unga uliorutubishwa tangu miezi saba. Yuko sawa.

Lishe_Kakamega
Otieno, wa dada yako huenda hajawahi kuongezewa damu, na hapo pana tofauti. Kila chupa ya damu huleta chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Lakini wapo pia watoto wa selimundu wenye upungufu wa chuma, na HB ya chini peke yake haitakuambia ni yupi. Mama Jabali, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma ni feritini. Peleka paketi yenyewe kwenye kliniki ya selimundu, waone miligramu, waangalie na feritini, ndipo mwamue. Mimi hapa siwezi kukuambia ndiyo wala hapana, na jirani zako wote wawili wamekisia.

MamaJabali_Siaya
Kliniki yetu ni Jumanne. Nitabeba paketi.

MamaHawi_Nyalenda
Nimepika ile ya pili jana. Kwenye paketi wameandika vijiko vitatu kwa kikombe kizima. Unatoka mwepesi, anaunywa kwa kikombe kama chai. Mimi nimezoea mzito. Nifuate paketi?

Lishe_Kakamega
Hili ni muhimu kuliko chapa utakayonunua. Vijiko vitatu kwa kikombe ni kijiko kimoja na nusu kwa nusu kikombe, kama gramu 15. Mara mbili ni 30, chuma kinashuka hadi 3.6. Ukipunguza zaidi ufike gramu 10 kwa mlo, unarudi kwenye 2.4, sawasawa na paketi ya kwanza ikipikwa nzito. Umelipa mara mbili kununua maji.

Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko ukikiinamisha, si wa kunywewa. Ukiwa mzito sana hadi anashindwa kumeza, uepue, ukipoa kidogo nyunyiza kijiko cha chai cha unga wa kimea cha wimbi, koroga, kisha uurudishe motoni uchemke kidogo. Dakika chache unalainika bila kuongeza maji.

Halafu vitamini C. Mkiangalia jedwali mtaiona, na kazi yake moja ni kusaidia chuma kifyonzwe. Moto unaiua. Unga ulioandikwa wa kukorogwa kwa maji moto tu huhifadhi sehemu. Wa kuchemshwa dakika kumi au kumi na tano hupoteza nyingi. Uji ukipoa kidogo, kamulia chungwa, au mpe papai au embe mlo huo huo. Chai asipewe kabisa, inashika chuma. Na asali kwenye uji, hapana hadi afikishe mwaka, hata kama paketi inasifu kuwa na asali.

Kukhu_Bungoma
Kimea! Hicho tunacho mwaka mzima. Nilidhani ni cha busaa tu.

Nyar_Ahero
Mimi ni mama wa watoto watatu, na kuna jambo hakuna aliyeligusa. Sukari. Kwenye paketi ya pili ni ya tatu kwenye orodha, juu ya maziwa. Mtoto akizoea utamu huo hatakula maini wala mboga. Mimi nilikataa zote za aina hiyo nikabaki na unga wangu, na kliniki wakanipa vile vipakiti vidogo vya vitamini na madini vya kunyunyizia kwenye chakula.

MamaHawi_Nyalenda
Nimeangalia. Sukari gramu 14 kwa gramu 100.

Lishe_Kakamega
Kwa gramu 40 ni karibu 5.6, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai kwa siku. Nyar Ahero yuko sahihi, ushauri wa sasa ni kutoongeza sukari kwenye chakula cha mtoto chini ya miaka miwili. Ukipata unga wenye chuma kilichoongezwa na usio na sukari, nunua huo. Angalia pia majina mengine: glukosi, sharubati ya mahindi, maltodekstrini. Kama rafu yako haina, mimi kwa mtoto mwenye HB ya 10.8 ningechagua chuma na kuvumilia sukari kwa sasa.

Vile vipakiti navyo ni njia nzuri na havipikwi, unanyunyizia kwenye chakula kilichopoa anachoweza kumaliza. Lakini usirundike vipakiti na unga uliorutubishwa bila kumwambia muuguzi, achague kimoja.

Nyar_Ahero
Sikubaliani na kuvumilia sukari, na vipakiti viko kliniki bure zikiwepo. Ila sawa, hayo ni maoni.

Lishe_Kakamega
Umesema vyema: zikiwepo. Ndipo tunapokwama.

MamaHawi_Nyalenda
Nitaendelea na paketi ya pili ikiwa nzito, nikitia kijiko cha omena asubuhi na chungwa jioni. Ini la kuku nitapondea viazi mara mbili kwa wiki. Kliniki nitauliza kama vipakiti vipo. Vikiwepo naacha ya pili narudi wimbi na soya.

Nakaribia kusahau, natumia maziwa kupikia uji. Niendelee?

Lishe_Kakamega
Hapo wataalamu wenyewe hawaendi sawa. Maziwa yanaongeza protini na nguvu, lakini kalsiamu yake inapunguza ufyonzwaji wa chuma. Kwa kuwa unga wako tayari una maziwa ya unga na ananyonya vizuri, mlo wenye omena pika kwa maji. Ule mwingine tia maziwa ukipenda.

Msagaji_Kibuye
Afisa, nina swali la biashara. Nikipata ile poda ya vitamini na madini wanayotumia viwandani, naweza kuchanganya kwenye unga wangu niandike umerutubishwa kweli?

Lishe_Kakamega
Usichanganye kwa mkono au kwa beleshi. Poda ile hutiwa gramu chache mno kwa kilo, na bila mashine ya kupimia na ya kuchanganya, debe moja litapata chuma cha watoto kumi na jingine halitapata kitu. Chuma kingi kinamdhuru mtoto mdogo vibaya. Anza na KEBS wakuambie masharti ya kiwango chake na vipimo vya maabara.

Kwa sasa unaweza kuandika lebo ya kweli. Jina liwe unga mchanganyiko. Weka asilimia ya kila kiungo, tarehe ya kusagwa, na kwamba soya imekaangwa.

Msagaji_Kibuye
Nikipunguza hadi vitatu, niweke hivi? "Unga mchanganyiko wa uji. Mahindi 50, wimbi 25, soya iliyokaangwa 25. Haujaongezwa vitamini wala madini. Omena inauzwa kando."

Nyar_Ahero
Ongeza "mtoto kuanzia miezi 6" na tarehe ya kusagwa. Mimi nitanunua kilo mbili.